Mkasi, Futi na Chaki: Namna ya Kuchagua Zana za Fundi wa Nguo na Kumtambua Muuzaji wa Kweli

Vikundi vingi vya ushonaji vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huandika katika andiko la mradi idadi ya cherehani, aina yake na bei yake kwa makini. Zana za mezani hufuata mwishoni kwa mstari mmoja: "mikasi, futi na chaki". Mstari huo hauonyeshi ukubwa, aina ya chuma wala jina la mtengenezaji, na siku ya manunuzi hununuliwa chochote kilichopo dukani.

Hata hivyo, mshono uliokosewa hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Hasara nyingi za fundi huzaliwa mezani kabla cherehani haijazunguka: ukingo uliotafunwa na mkasi, kipimo kilichopungua kwa sababu ya futi iliyovutika, au alama ya chaki iliyogoma kutoka. Makala haya yanaeleza namna mwananchi anavyoweza kuzipima zana hizo tatu akiwa mbele ya kaunta ya duka, bila kifaa cha maabara, na namna ya kumtofautisha muuzaji anayeijua bidhaa yake na yule anayepitisha mzigo tu. Mkasi ndio utakaopewa nafasi kubwa, kwa kuwa ndiyo zana ambayo ubora wake umefichwa ndani ya chuma.

Chuma cha mkasi na kinachofichwa na mng'ao

Mkasi wa fundi hutengenezwa kwa chuma cha pua, yaani chuma kilichochanganywa na kiasi kidogo cha kaboni. Kaboni ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu. Mtengenezaji hukipasha moto mkali, hukipoza ghafla kwa kukizamisha katika mafuta au maji, kisha hukipasha tena kwa moto mdogo ili kipunguze ukakamavu na kisivunjike kama kioo. Hatua hizo mbili, ya kukaza na ya kulegeza kidogo, ndizo zinazoamua iwapo makali yatadumu kwa miezi au kwa siku. Katika kipimo cha ugumu kiitwacho Rokweli, mabapa ya mkasi mzuri huwa kwa kawaida kati ya 54 na 60. Yakiwa chini sana ya hapo, makali hujikunja. Yakizidi sana, huvunjika vipande vidogo mkasi unapoanguka.

Sokoni kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni chuma chenye kaboni nyingi, ambacho mara nyingi hupakwa nikeli au kromi kwa nje. Hiki hushika makali vizuri na hunoleka kwa urahisi, lakini hushika kutu pale rangi ya juu inapokwaruzwa. Ya pili ni chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, kilichotiwa kromi ndani ya mchanganyiko wenyewe, kwa kawaida asilimia 12 au zaidi. Hiki huvumilia jasho la mkono na unyevu wa pwani au wa kandokando ya ziwa, lakini matoleo yake ya bei ndogo huwa na kaboni kidogo, hivyo makali yake hufa mapema. Hakuna aina inayoshinda nyingine kila mahali. Fundi anayekata kaki na jinzi siku nzima, na ambaye yuko tayari kuufuta mkasi kwa mafuta ya cherehani kila jioni, atafaidika zaidi na chuma cha kaboni. Fundi aliye kwenye unyevu mwingi, au anayeshirikiana mkasi na wenzake wasioutunza, atapata nafuu kwa kile kisichoshika kutu, mradi akubali kukinoa mara kwa mara.

Wanunuzi wengi hutumia sumaku kama hakimu wa ubora: mkasi ukivutwa na sumaku husemwa ni chuma kizuri, usipovutwa husemwa ni bandia. Kipimo hiki hudanganya. Chuma kisichoshika kutu kinachofaa kwa mabapa ya mikasi nacho huvutwa na sumaku kama kile cha kaboni, na chuma laini kisicho na thamani kwa fundi huvutwa vilevile. Sumaku inaweza tu kueleza kwamba kipande fulani si cha chuma kabisa, mfano kishikio kilichomiminwa kwa aloi ya zinki au alumini. Kishikio cha namna hiyo si kosa chenyewe. Cha kuangaliwa ni mahali kinapoungana na bapa, maana hapo ndipo mkasi wa bei ndogo hukatika.

Uzito nao si ushahidi. Mkasi uliomiminwa kwa chuma cha kalibu huwa mzito na mnene, lakini huweza kukatika ghafla ukianguka kwenye sakafu ya saruji. Mkasi uliofuliwa, yaani uliogongwa ukiwa na moto hadi ukapata umbo, huwa na bapa nene karibu na skrubu linalopungua taratibu kuelekea ncha. Mkasi uliokatwa kutoka kwenye bamba la chuma kama biskuti huwa na unene uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tofauti hiyo huonekana kwa macho ukiutazama mkasi kwa ubavu.

Majaribio matano mbele ya kaunta

Kabla ya majaribio, mnunuzi aainishe ukubwa. Inchi zinazotajwa dukani ni urefu wa mkasi mzima kutoka ncha hadi mwisho wa kishikio, si urefu wa makali. Kwa meza ya kukatia nguo za kawaida, inchi 10 hutosha. Mwenye mkono mdogo huchagua inchi 8 au 9, na inchi 12 huwafaa wanaokata vitambaa vizito kwa tabaka nyingi. Mkasi wa kukatia mezani uwe na kishikio kilichoinuka, ili bapa la chini lilale juu ya meza na kitambaa kisinyanyuliwe. Fundi atumiaye mkono wa kushoto anahitaji mkasi ambao mabapa yake yamegeuzwa pia, si vishikio pekee. Akitumia wa mkono wa kulia, shinikizo la vidole vyake huyatenganisha mabapa badala ya kuyakutanisha.

Jaribio la kwanza ni la mwanga. Mkasi hufungwa na kuinuliwa kuelekea dirishani, ukitazamwa kwa ubavu kati ya mabapa mawili. Katika mkasi ulioundwa vema, mabapa hugusana kwenye ncha na karibu na skrubu tu, na katikati huonekana uwazi mwembamba sana wa mwanga. Mabapa yamepindwa kidogo kwa makusudi, ili yanapofungwa yagusane katika nukta moja inayosafiri kutoka shina hadi ncha. Mkasi ambao mabapa yake yamelaliana yote kama kurasa za kitabu utasaga kitambaa badala ya kukikata. Ule ambao ncha zake hazigusani kabisa hautamaliza mkato.

Jaribio la pili ni la sikio na mkono. Mkasi hufunguliwa wote, kisha hufungwa polepole. Sauti iwe moja, laini, tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali panapokwama au kukwaruza huashiria jino kwenye makali au bapa lililopinda vibaya.

Jaribio la tatu ni la kitambaa, na hili ndilo lisiloweza kuachwa. Mnunuzi aende dukani na vipande viwili vyake mwenyewe: kimoja chepesi na chenye kuteleza, kama kitambaa cha bitana au hariri bandia, kingine kizito, kama kaki iliyokunjwa tabaka 4. Kitambaa chepesi kikatwe kwa sentimita 2 za ncha tu. Mkasi mbaya hukikunja kati ya mabapa bila kukikata, na kasoro hii haionekani kabisa mtu anapojaribu kwa karatasi, jambo ambalo wauzaji wengi hupenda kulifanya. Tabaka 4 za kaki zikatwe kwa urefu wote wa makali. Hapo mkasi dhaifu husukuma kitambaa mbele, au mabapa yake huachana na kuacha tabaka la chini likiwa na meno.

Jaribio la nne ni la skrubu. Mkasi unaostahili kuitwa wa fundi huunganishwa kwa skrubu inayoweza kukazwa na kulegezwa, si kwa ribiti iliyopondwa. Mabapa hulegea kwa matumizi. Penye ribiti hakuna marekebisho, na mkasi hutupwa ilhali chuma chake bado kizima. Mnunuzi atikise mabapa kuelekea kulia na kushoto: yasichezecheze.

Jaribio la tano ni la tupa, nalo hufanywa tu kwa ridhaa ya muuzaji au baada ya kununua mkasi mmoja wa mfano. Tupa ndogo yenye meno laini na ambayo bado kali huguswa kwa upole kwenye shina la bapa, karibu na skrubu, mahali pasipokata. Chuma kilichokazwa vizuri ni kigumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake au hukwaruza kwa shida. Chuma laini huliwa mara moja, na vumbi la chuma huonekana. Mkasi ulioliwa kirahisi namna hiyo hautashika makali, hata unolewe na nani.

Jina lililochongwa kwenye bapa

Ipo miji ambayo sifa yake katika utengenezaji wa mikasi na visu ni ya kale: Sheffield ya Uingereza, Solingen ya Ujerumani, Seki ya Japani, Hangzhou na Yangjiang za China, na Meerut ya India. Sifa hiyo huwavutia waigizaji. Mfano mzuri ni Solingen. Jina la mji huo limelindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1938, na halipaswi kuwekwa kwenye bidhaa ya makali isiyotengenezwa na kukamilishwa katika eneo hilo. Mtengenezaji halali huweka jina la mji pamoja na jina au nembo yake mwenyewe. Mkasi uliochongwa neno la mji peke yake, bila jina la mtengenezaji popote kwenye bapa wala kwenye kifungashio, unapaswa kutiliwa shaka, hasa bei yake ikiwa sawa na ya mikasi isiyo na jina iliyopangwa pembeni yake.

Kwa upande wa pili, asili ya Kichina au ya Kihindi si hukumu ya ubora mbaya. Meerut ina mafundi wanaofua mikasi kutokana na chuma kilichotumika na kuyeyushwa upya, na mikasi ya mji huo imesajiliwa nchini India kama bidhaa yenye utambulisho wa kijiografia. China hutengeneza mikasi ya viwango vyote, kuanzia ya kuchezea hadi ya viwanda vikubwa vya nguo. Ndiyo maana nchi ya asili haiwezi kuchukua nafasi ya majaribio matano yaliyoelezwa.

Futi: sentimita zinazopotea kimya kimya

Utepe wa kupimia, ambao mafundi wengi huuita futi, una aina mbili. Ulioimarishwa kwa nyuzi za kioo ndani yake hauvutiki kirahisi. Ule wa plastiki tupu huvutika kwa joto na kwa kukunjwakunjwa. Ukivutwa kwa nguvu ya kawaida ya mikono miwili dukani, utepe mzuri hukaa vilevile; ule wa plastiki tupu huhisiwa ukiongezeka.

Uhakiki wa alama hauhitaji zaidi ya hesabu moja. Inchi 1 ni sentimita 2.54 kamili, kwa hiyo inchi 50 ni sentimita 127 kamili. Katika utepe wenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, vyote vikianzia ncha moja, alama ya inchi 50 sharti iangukie mgongoni mwa alama ya sentimita 127. Zipo tepe zilizoandikwa inchi 60 upande mmoja na sentimita 150 upande mwingine, zote zikiishia ukingoni palepale. Huo ni ushahidi kwamba upande mmoja ni wa uongo, kwa sababu inchi 60 ni sentimita 152.4. Utepe ambao namba zake zinaanzia ncha tofauti kila upande hulinganishwa na rula ya chuma ya mita 1, upande mmoja baada ya mwingine. Aidha, kile kipande cha bati mwanzoni kitikiswe: kikicheza, sifuri nayo inacheza.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: ikiwa fundi hupima mwili na kukata kitambaa kwa futi ileile, kosa si hujifuta lenyewe? Ni kweli kwamba hujifuta. Kosa hutokea pale futi zinapokuwa mbili. Chukuliwe mfano wa kikundi kilichopata kazi ya sare za shule. Mshiriki mmoja anakwenda shuleni kuwapima wanafunzi kwa futi yake ya zamani iliyovutika kwa asilimia 1.5, na mwenzake anakata kwa futi mpya. Mwanafunzi mwenye nyonga za sentimita 96 atasomeka sentimita 94.6, kwa sababu alama za futi iliyovutika zimeachana. Mkataji atakata kwa 94.6 halisi. Sketi itambana kwa karibu sentimita 1 na nusu, na kila mmoja wa mafundi hao ataapa kwamba amepima sawasawa.

Kwa hiyo kikundi kinunue tepe zake zote kwa pamoja, kizilaze ubavu kwa ubavu na kuhakikisha alama zake zinalingana, kisha kiwe na rula moja ya chuma ambayo haitoki ofisini. Kila mwezi tepe zote zilinganishwe nayo. Ile iliyokosea kwa zaidi ya milimita 3 katika mita moja ikatwe vipande, maana ikiachwa droo itarudi kutumika.

Chaki: unene wa mstari na njia ya kuuondoa

Chaki ya fundi hasa ni kipande bapa cha udongo laini au unga wa talki uliogandamizwa, chenye kingo nyembamba. Alama yake hutoka kwa kupigwa brashi. Chaki ya nta hutelezesha mkono vizuri na huyeyuka chini ya pasi, sifa inayofaa kwenye vitambaa vya sufu. Lakini kwenye pamba nyepesi, hariri na poliesta huweza kuacha doa la mafuta ambalo mteja huliona siku ya kwanza ya kuvaa. Chaki ya ubaoni haifai kwa kazi ya vipimo, kwa sababu mstari wake ni mnene na humomonyoka.

Unene huo una gharama. Sketi ya vipande 8 ina kingo 16 za kuunganishwa. Ikiwa mstari wa chaki una unene wa milimita 3 na mkataji akafuata upande wa nje badala ya katikati, kila ukingo huongezeka milimita 1 na nusu, na jumla yake ni milimita 24. Sketi iliyopimwa vizuri hupwaya kiunoni kwa karibu sentimita 2 na nusu bila mtu kukosea hesabu. Tiba yake ni kuichonga chaki iwe na ukingo kama wa wembe kabla ya kila kazi, na wote wanaokata mezani wakubaliane wanafuata upande upi wa mstari.

Rangi nyeupe ndiyo salama kuliko zote. Nyekundu na bluu mara nyingi huwa na rangi inayoshika. Chaki yoyote mpya ijaribiwe kwenye kipande cha kitambaa kilekile cha mteja: ichorwe mistari miwili, mmoja upigwe pasi, mwingine uachwe, kisha yote ipigwe brashi, na kipande kifuliwe. Kwa vitambaa vyeusi, kipande cha sabuni nyeupe kilichokauka na kuchongwa, ambacho mafundi wamekitumia kwa miaka mingi, hufanya kazi nzuri na hutoka kwa maji.

Kumtambua muuzaji wa kweli

Mikasi na vifaa vya ushonaji hupatikana katika maduka ya jumla ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, katika miji mikuu ya mikoa, na kwa wachuuzi wa minadani. Mahali si kigezo pekee. Muuzaji wa kweli hutambulika kwa mambo machache yanayoweza kuonekana siku ya kwanza. Huruhusu mkasi ujaribiwe kwa kitambaa cha mnunuzi. Huweza kutaja mtengenezaji, na kifungashio kinamuunga mkono. Huuza au kuagiza skrubu za akiba. Humjua mnoaji anayeaminika, kwa sababu wateja wake humrudia kwa swali hilo. Hutoa risiti ya kielektroniki yenye jina la duka na maelezo ya bidhaa, si neno "vifaa" peke yake.

Mnunuzi naye amweleze muuzaji, ikiwezekana kwa maandishi, kazi ambayo mkasi umekusudiwa: kwa mfano, "kukata kaki tabaka 4 kila siku". Sentensi hiyo ina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, mnunuzi anapomjulisha muuzaji wa bidhaa za aina hiyo matumizi mahsusi na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa kwa kawaida kufaa kwa matumizi hayo. Asiyetaja matumizi hubaki na hoja dhaifu anaporudisha mkasi. Pale inapodhihirika kwamba jina la mtengenezaji limeghushiwa, taarifa hupelekwa Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Hapo risiti na kifungashio ndivyo vielelezo.

Mfano wa manunuzi ya kikundi

Chukuliwe kikundi cha mafundi watano kinachohitaji mikasi 3 ya mezani kwa kazi ya sare. Wajumbe wawili wanatembelea maduka mawili wakiwa na kitambaa cha bitana na kaki. Duka la kwanza linawaonyesha mkasi A wa inchi 12, mzito, unaong'aa, wenye ribiti. Na mkasi B wa inchi 10, uliochongwa jina la mji wa Ulaya bila jina la kiwanda. Duka la pili linawaonyesha mkasi C wa inchi 10, wenye vishikio vyeusi visivyovutia macho, skrubu, na jina la mtengenezaji kwenye bapa na kwenye boksi. Bei ya C ni mara mbili ya A.

Mkasi A unakata kaki, lakini unakunja bitana kwenye ncha, na ribiti yake haiwezi kukazwa. Mkasi B unapita jaribio la bitana. Ila mabapa yake yamelaliana yote bila uwazi wa mwanga, na muuzaji anakataa usijaribiwe zaidi. Mkasi C unapita majaribio manne. Hata hivyo kikundi hakinunui mikasi 3 siku hiyo. Kinanunua mmoja kwa risiti, kinakubaliana na muuzaji kuwa miwili itatoka katika boksi la shehena ileile, na kinaufanyisha kazi kwa wiki mbili. Jaribio la tupa linafanywa kwenye shina lake, na tupa inateleza. Baada ya wiki mbili ncha bado inakata bitana. Ndipo miwili inachukuliwa, kila mmoja ukipimwa upya kwa mwanga na kwa kitambaa, kwa kuwa hata katika boksi moja mikasi hutofautiana.

Ukadiriaji wa bei nao hubadilika. Mkasi wa shilingi 15,000 unaotupwa baada ya miezi 4 hugharimu shilingi 45,000 kwa mwaka. Wa shilingi 30,000 unaonolewa mara 3 kwa mwaka kwa shilingi 2,000 kila mara, na kudumu miaka 3, hugharimu shilingi 10,000 za ununuzi na 6,000 za kunoa, jumla 16,000 kwa mwaka. Bei hizi ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke za soko lake katika hesabu hiyohiyo.

Hesabu hiyo huvunjika mkasi ukiharibiwa na mnoaji. Mabapa hunolewa kwenye mshazari wa nje pekee. Uso wa ndani, unaokutana na bapa la pili, haukwaruzwi na jiwe, isipokuwa kuondoa kwa mguso mmoja ukingo uliojikunja. Jiwe linalozunguka kwa kasi bila maji hupasha makali joto, na rangi ya bluu ikitokea kwenye bapa, ugumu uliotiwa kiwandani umekwisha kuondoka mahali hapo. Makali ya sehemu hiyo hayatadumu tena. Fundi asimame karibu mkasi wake unaponolewa, na aukatae mchomo wa cheche usiokatizwa kwa maji. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi, kwa kuwa karatasi ina madini yanayosaga makali, na usipite juu ya pini, ambayo huacha jino lisiloondoka bila kupunguza chuma.

Kwa vikundi vinavyoandaa andiko la mkopo, mstari wa "mikasi, futi na chaki" unaweza kuandikwa hivi: mikasi 3 ya mezani, inchi 10, chuma kilichofuliwa, yenye skrubu ya kukazwa na jina la mtengenezaji, tepe 5 zenye nyuzi za kioo, sentimita 150, zilizolinganishwa na rula ya chuma ya mita 1, rula hiyo moja, na boksi 1 la chaki nyeupe ya udongo. Maelezo hayo yakiambatanishwa na nukuu za bei kutoka maduka mawili, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ataweza kuzilinganisha nukuu hizo kwa bidhaa ileile, na kikundi kitakuwa na andiko la kumwonyesha muuzaji siku mzigo usipolingana na ulichoagizwa.